Mzee aliyetafuta sura moja katika picha za TAZARA

Dokumentari ya reli ya TAZARA ilinifikia ikiwa imekwisha kupigwa picha. Mwongozaji, dada ambaye tulikuwa tumeshafanya kazi pamoja, aliniletea diski mbili. Moja ilikuwa na karibu saa 19 za mahojiano na wazee wa bonde la Kilombero na wa Makambako. Nyingine ilikuwa na dakika kama 70 za picha za maktaba. Televisheni iliyotoa fedha ilitaka filamu ya dakika 52. Katika kazi za namna hii mhariri ndiye anayeandika hadithi, kwa sababu hakuna skripti iliyotangulia. Kuna watu wamezungumza, na kuna vipande vya filamu vilivyopigwa zamani na watu wengine kabisa, kwa sababu zao wenyewe.

Kwa kawaida naanza kwa kupanga kila kitu kwa mfuatano wa miaka, hata nikijua kwamba hakitabaki hivyo. Historia ya TAZARA inajipanga vizuri kwa miaka. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na shaba ya Zambia ikawa inategemea njia iliyo mikononi mwa watu wasioaminika. Septemba 1967 Tanzania, Zambia na China zilitia saini mkataba mjini Beijing. Oktoba 1970 jiwe la msingi liliwekwa. Juni 1975 reli ilifika Kapiri Mposhi nchini Zambia, na tarehe 14 Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi: kilomita 1,860, pamoja na mkopo wa China usio na riba.

Nikaweka haya yote kwenye taimulaini, wazee wakisema na picha za maktaba zikifunika maneno yao. Ikatoka saa mbili na nusu. Nilikaa na mwongozaji na prodyuza tukaitazama hadi mwisho. Hakukuwa na kosa ndani yake, lakini prodyuza alikuwa anajibu meseji kwenye simu tangu dakika ya 20. Reli haitaki kitu. Inasonga mbele tu, kituo baada ya kituo, na mtazamaji anajua tangu mwanzo kwamba itafika kwa kuwa ipo hadi leo. Kila mzee alikuwa anaingia kuthibitisha alichokwisha kusema msimulizi, na kila picha ya zamani ilikuwa inathibitisha alichosema mzee. Jambo moja lilikuwa linasemwa mara tatu.

Mpangilio huo hata hivyo una faida yake: unakuonyesha umebeba nini. Baada ya hapo niliufunga, nikarudi kwenye maandishi ya mahojiano.

Mahojiano yote yalikuwa yamechapwa, kila aya ikiwa na taimukodi pembeni, yaani saa na dakika maneno hayo yanapopatikana kwenye rekodi. Nilikuwa na kalamu tatu za rangi. Ya kwanza kwa maneno ambayo ni habari tu, yaani jambo ambalo mtu yeyote angeweza kulisema. Ya pili kwa maneno ambayo ni mtu huyu pekee angeweza kuyasema, kwa sababu aliyaona au yalimpata. Ya tatu kwa mahali ambapo kitu kinageuka ndani ya mtu: anaacha kusema, anacheka pasipotarajiwa, anajirekebisha. Rangi hii ya tatu haipatikani kwa kusoma, lazima usikilize. Kuna sentensi ambayo kwenye karatasi ilikuwa kavu kabisa, "Tulifanya kazi usiku na mchana," na nilikuwa nimeipaka rangi ya habari. Nilipoisikiliza, mzee yule alinyamaza kabla ya neno "usiku" akatazama dirishani. Karatasi ilikuwa imeondoa ule unyamavu.

Maneno ya rangi ya kwanza niliyatoa vinywani mwa wazee karibu yote. Mzee mmoja, dereva mstaafu wa treni, alieleza suala la Rhodesia na shaba kwa dakika nne, na alilieleza vizuri. Lakini msimulizi akiwa na ramani anahitaji sekunde 25 kwa jambo hilohilo. Nilichobakiza kwa dereva yule ni pale alipoeleza kwamba akiwa kwenye usukani, kwenye miteremko ya kushuka Mlimba, mkono ulikuwa unatoka jasho kabla hajagusa breki. Hilo msimulizi hawezi kulisema.

Hadithi yenyewe nilikuja kuipata mwishoni mwa mahojiano ya mtu mmoja, na naamini mara nyingi ndiko hadithi hukaa, kwa sababu mtu anapodhani mambo yamekwisha ndipo anapotaja lililomleta. Mzee huyu alizaliwa karibu na Mlimba. Alijiandikisha kwenye ujenzi akiwa na miaka 19, pamoja na rafiki yake wa kijiji kimoja. Walipelekwa kwenye kipande cha Mlimba hadi Makambako. Ni kilomita 158 tu, lakini ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote, maana reli inapanda kutoka bondeni kwenda nyanda za juu, na mahandaki mengi kati ya 22 ya njia nzima yako hapo. Rafiki alifia ndani ya handaki, mwamba ulipomporomokea. Kipande kilipokamilika, mzee na wenzake wengi walipunguzwa kazi. Akarudi kulima mpunga.

Hayo yote aliyasema kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kuyasimulia mara nyingi. Mwisho kabisa mwongozaji alimuuliza, "Baba, kuna jambo ambalo hatukukuuliza?"

Mzee akafikiri kidogo. "Wale Wachina walikuwa na kamera," akasema. "Walikuwa wanapiga picha kila siku. Nilitaka kujua kama yeye yumo."

Fundi sauti alikuwa ameshaanza kuvua maikrofoni. Sauti ya shati inasikika ikikwaruza. Niliiacha vilevile.

Ombi hilo lilibadili kazi ya picha za maktaba. Hadi hapo zilikuwa pazia la kufunika mikato ya mahojiano. Sasa zikawa ndicho kitu kinachotafutwa. Mtazamaji anayejua kwamba mzee anamtafuta mtu hazitazami tena picha zile kama mapambo. Kila uso unaopita anauliza: huyu? Reli haikuwa na shauku, lakini mzee alikuwa nayo, na shauku ile ilikuwa na jibu ambalo sisi sote hatukulijua. Hiyo ikatosha kubeba dakika 52. Ombi lililokuwa dakika za mwisho za mahojiano nililipeleka dakika ya tatu ya filamu.

Hapo ikabidi niwe mkali na dakika zile 70. Niliacha kuzipanga kwa mada, nikazipanga kwa swali moja: nani alikuwa ameshika kamera, na alitumwa kupiga nini? Yakatoka mafungu matatu. La kwanza ni filamu za kikosi cha wapiga picha wa Kichina, za rangi, kamera ikiwa juu ya miguu mitatu, bendera nyekundu, wahandisi wakiwa na michoro, sherehe ya handaki kutoboka upande wa pili. La pili ni filamu za serikali, nyeusi na nyeupe, milimita 16: viongozi, mikono ikipungwa, Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda. La tatu lilikuwa mikanda midogo ya Super 8, filamu ya kamera za nyumbani, iliyopigwa na padri mmoja wa misheni bondeni, aliyekuwa anapita tu na kamera yake. Makopo yake yalipofunguliwa yalinuka siki, dalili kwamba filamu yenyewe imeanza kuoza, na sehemu ya mkanda mmoja ilikuwa imejikunja kiasi kwamba mashine ya kuskani haikuipokea.

Mafungu haya yalieleza mengi kuliko vichwa vya habari vilivyoandikwa juu ya makopo. Kikosi rasmi kilitumwa kuonyesha ushindi, kwa hiyo kinaanza kupiga handaki likishatoboka. Hakuna aliyepiga wiki zile za katikati, vumbi likiwa linajaza mapafu. Padri alipiga watu, lakini alikuwa bondeni wakati handaki liko mlimani. Uwezekano wa kumpata kijana yule ulikuwa mdogo tangu mwanzo, na sababu zenyewe zilikuwa sehemu ya hadithi. Msimulizi anazitaja kidogo kidogo katika nusu ya kwanza ya filamu, bila kusema kwamba anamwandaa mtu kwa lolote.

Mikanda ya padri ilikuwa na shida nyingine. Ilipoingia kwenye kompyuta, wafanyakazi walitembea harakaharaka kama vikaragosi, na mwanafunzi aliyekuwa anajifunza kazi kwangu alicheka. Super 8 kwa kawaida ilipigwa kwa fremu 18 kwa sekunde, nasi tunafanya kazi kwa 25. Ukiiacha hivyo, kila kitu kinaenda haraka kwa karibu asilimia 40. Ukitaka kujua, usitazame watu, kwani mtu anaweza kweli kuwa na haraka. Tazama moshi, maji yanayomwagwa, shuka iliyoanikwa kwenye upepo. Vikienda vibaya, kasi ni mbaya. Niliirudisha kwenye 18, na wanaume walewale waliokuwa wakichekesha wakawa wazito, wanainua mataruma ya zege kwa magoti. Katika filamu inayotaka mtazamaji amheshimu mtu, hilo si jambo la kiufundi tu.

Vilevile sikuzikata juu na chini ili zijaze skrini pana ya leo. Zilipigwa kwa fremu ya karibu mraba, na ukizijaza unaondoa vichwa vya waliosimama nyuma. Katika filamu ambayo mtu anatafuta sura, waliosimama nyuma ndio wenyewe.

Palikuwa na picha moja iliyotugombanisha. Ni sekunde 11 za kikosi rasmi: kijana Mtanzania mwenye kofia ngumu, amekumbatia mashine ya kutobolea mwamba, anageuka kwenye kamera anacheka. Ni picha nzuri kuliko zote tulizokuwa nazo. Mwongozaji alitaka iwekwe pale mzee anapoeleza kifo cha rafiki yake. Nikamwambia ikiwekwa hapo, kila mtazamaji ataamini kwamba ndiye, na hakuna maandishi ya chini yatakayoifuta imani hiyo. Kule kijijini kuna wadogo zake marehemu. Watakapoitazama filamu, watakuwa wamepewa kaka asiyekuwa wao. Na kijana yule anayecheka, huenda yuko hai, ana wajukuu Iringa au Mbeya, nasi tumemzika kwenye televisheni.

Mwongozaji hakuridhika kirahisi, na alikuwa na hoja: bila picha ile, kifo kilikuwa kinasimuliwa na uso wa mzee peke yake kwa karibu dakika mbili. Tukajaribu kuuacha uso huo hivyohivyo, bila kukata na bila muziki. Ilikaa. Kisha akapata wazo lililokuwa bora kuliko langu. Kwa nini tusimpelekee mzee picha zenyewe?

Fedha ilibaki ya safari moja ya watu wachache. Niliunganisha dakika tisa za picha zinazohusu kipande cha Mlimba na Makambako, bila sauti na bila maandishi, tukaziweka kwenye kompyuta mpakato juu ya meza nyumbani kwake. Kamera moja ilimkabili yeye, ya pili ilikaa begani upande wa nyuma kuona skrini. Tulikubaliana kwamba hakuna mtu atakayeuliza swali filamu ikiwa inaenda. Swali linamfanya mtu akutazame wewe, nasi tulitaka atazame kule.

Mzee hakutazama katikati ya picha. Alikuwa anatazama pembeni, kwenye kingo, walipo watu wanaopita na karai. Mara mbili aliinua kidole bila kusema. Ilipofika sekunde zile 11, alisogea karibu. Kijana akacheka kwenye skrini. Mzee akasema, "Siyo yeye." Halafu, baada ya muda, "Lakini mashine ndiyo hiyo. Ukiishika inakutetemesha mpaka usiku, unaikuta kwenye mikono ukila." Akaanza kutuonyesha ilivyokuwa inashikwa, mikono ikiwa hewani, na mwili wake ukabadilika kabisa, kwa nusu dakika hakuwa mzee.

Katika saa 19 za mwanzo hakuna dakika iliyofikia hiyo. Akiwa anajibu maswali alikuwa anasimulia. Akiwa anatazama alikuwa anakumbuka mbele yetu. Tangu hapo, nikipata dokumentari yenye picha za zamani, swali langu la kwanza kwa mwongozaji ni kama kuna mtu wa kuzitazama akiwa mbele ya kamera.

Tukio hilo tuliliweka dakika ya 38. Mengine yote nikayapanga kulizunguka, kwa kadi ukutani. Kila kadi ilikuwa na tukio moja, na chini yake niliandika si kinachotokea bali mzee ana tumaini gani kwa wakati ule. Kadi mbili zinazofuatana zikiwa na tumaini lilelile, moja lazima itoke au ihame. Kwa mfano palikuwa na kadi ya malaria kambini na kadi ya chakula kambini. Zote mbili zilikuwa na maneno mazuri, lakini baada ya ya kwanza mtazamaji amekwisha kuelewa kwamba maisha ni magumu. Ya pili ilikuwa inamrudia. Malaria ikatoka, ingawa daktari mstaafu aliyeizungumzia alikuwa na sauti ya kupendeza na nilimwonea huruma.

Chakula kilihama. Mama mmoja alikuwa msichana wakati ule, akiuza maandazi kwenye kambi pamoja na mama yake. Alikuwa amesema mengi ya kuchekesha: vijana waliokopa, Wachina waliokuwa wanaashiria idadi kwa vidole. Nusu ya hayo niliyaweka mwanzoni, wakati vijana wawili wamefika kambini wakiwa na mshahara wa kwanza mfukoni. Lakini ndani ya mahojiano yake, mahali pengine kabisa, alitaja siku moja aliyorudi nyumbani beseni likiwa limejaa. Hakuna aliyenunua. Mama yake hakumuuliza kwa nini. Alikuwa hajasema kwamba ni kwa sababu ya ajali ya handaki, na mwongozaji alipompigia simu kuhakikisha, mama alishangaa kwamba tunauliza: siku ile ni siku ile, kila mtu anaijua. Basi beseni lile likaja mara baada ya mzee kusimulia kifo. Ni sauti ya pili inayosema jambo lilelile bila kulitaja, na mtu aliyecheka naye dakika ya tisa sasa anamwona tofauti.

Tusingemuuliza kwanza, nisingeviunganisha vipande hivyo viwili. Kuhamisha maneno ya mtu kutoka saa moja ya mahojiano kwenda nyingine ni kazi yetu ya kila siku, na sioni ubaya wake. Ubaya uko pale unapozalisha uhusiano ambao haukuwepo, A ikasababisha B kwa sababu tu umeviweka karibu. Ubaya mwingine ni kushona sentensi. Mzee alisema, nikiandika kama alivyosema, "Wachina, nilifanya nao kazi vizuri, sina neno. Niliowachukia ni waliokuja kusoma majina siku ya kupunguzwa." Ukitoa maneno machache katikati, una "Wachina niliwachukia," kwa sauti yake mwenyewe, na ukifunika mkato kwa picha ya handaki hakuna atakayejua. Kipimo changu ni kwamba mtu huyo akiwa amekaa pembeni yangu akitazama, atikise kichwa kukubali. Na kwa mzee huyu tulifanya hivyo kweli, tulimwonyesha filamu kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliomba turekebishe jina la mto.

Tarehe za historia nazo zilihitaji kupata mahali. Rhodesia, shaba na Beijing zilikuwa zimekaa dakika tano za mwanzo, kama kwenye mpangilio wa miaka, na kila aliyetazama alichoka hapo. Nikazitoa zote. Filamu ikaanza na vijana wawili, kambi, mlima. Dakika ya 13 mzee anasema walikuwa wanafanya kazi usiku kwa taa, zamu hazikatiki, na anauliza mwenyewe, "Haraka ilikuwa ya nini?" Hapo ndipo msimulizi anaingia na ramani: Rhodesia, 1965, shaba isiyo na njia ya kutoka, mkataba wa 1967. Ni maneno yaleyale niliyokuwa nayo mwanzoni, karibu bila kubadilisha hata nukta. Hakuna aliyelalamika tena, kwa sababu mtazamaji ameshakuwa na swali kabla ya kupewa jibu. Nadhani makala nyingi za historia zinapotea hapa: zinajibu kwanza, kisha zinatafuta wa kuuliza.

Sherehe ya makabidhiano ya Julai 1976 ilinisumbua zaidi. Ndizo picha za fahari kuliko zote, umati, vitambaa, injini zimepambwa, na kila mtu aliyetazama mkato wa mapema alidhani filamu itaishia hapo. Kwa reli huo ndio mwisho. Kwa mzee, siku ile alikuwa shambani na habari aliisikia kwenye redio ya jirani. Nikaiweka dakika ya 33, kabla ya tukio la kompyuta. Umati unapungia mkono, kisha sauti ya mzee juu yake: "Mimi nilikuwa napalilia." Picha inasema jambo moja na sauti inasema jingine, na mtazamaji ndiye anayebeba tofauti. Kama ningeweka maneno ya fahari juu ya picha ya fahari, moja kati ya hayo mawili lingekuwa bure.

Kuhusu sauti, filamu za kikosi na za padri zilikuwa bubu. Fundi sauti alitengeneza nyundo, mashine, hatua kwenye kokoto, na katika nusu ya kwanza zote zilitumika, kidogo kidogo, kwa sababu mtazamaji bado anaingia kwenye ulimwengu ule. Baada ya kifo tukaziondoa. Picha za maktaba kutoka hapo hazina sauti kabisa, na kwenye tukio la kompyuta kinachosikika ni chumba cha mzee: kuku nje, feni, kiti. Watu wachache waligundua kwamba kitu kimetoka, lakini wote walisema sehemu ile ni nzito.

Jibu ni kwamba rafiki yake hakuonekana. Msimulizi halisemi. Baada ya dakika ya 38 tulikwenda Gongo la Mboto, Dar es Salaam, yalipo makaburi ya Wachina waliofia kwenye kazi hii, zaidi ya 60, mawe yamepangwa kwa mistari na kila moja lina jina. Hakuna anayezungumza kwa sekunde 40. Niliogopa ingeonekana kana kwamba tunawanyooshea kidole waliozikwa pale, nao ni vijana waliokufa mbali na kwao. Kwa hiyo tukaiacha kamera ikae kwenye majina yao kwa muda, mmoja mmoja, kwa heshima wanayostahili, na kulinganisha tukamwachia mtazamaji. Kisha mzee yuko ndani ya treni, anapanda kutoka Mlimba, na handaki linaingia.

Miezi michache baadaye televisheni iliomba toleo la dakika 26, na hapo nikajua ni kitu gani kilikuwa kimeishika filamu. Nilianza kwa kutoa dereva wa treni, jasho la mkono na yote. Ikafuata sherehe ya 1976 isipokuwa sekunde nane zenye sauti ya mzee. Ramani ikabaki sekunde 15. Gongo la Mboto ikatoka yote, kwa maumivu, kwa sababu ikifupishwa inageuka kuwa shutuma. Ombi la mzee, mama wa maandazi mara zake zote mbili, na dakika nne za kompyuta vilibaki kama vilivyo. Nilijaribu kuzipunguza zile dakika nne ziwe mbili na nusu. Maneno yote yaliingia, lakini "Siyo yeye" ilikuwa inakuja mapema mno, kabla mtazamaji mwenyewe hajamtazama yule kijana na kutumaini. Nikazirudisha, nikapunguza kwingine. Prodyuza alitaka toleo hilo lifungue na picha ya umati ili lionekane la kihistoria. Tulimpa umati kwenye tangazo.